Farenhaiti kwenda Selsiasi kwa mashine ya vifaranga: toa 32 kwanza, kuzidisha baadaye

Hapa Tabora siku hizi mashine za kutotolesha vifaranga zimekuwa nyingi, kuna wanaonunua zilizokamilika na kuna wanaochongesha kwa fundi, boksi la plaiwudi, balbu mbili na feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu. Shida yao huwa ileile. Karatasi ya maelekezo inaongea Farenhaiti na kidude cha kuseti joto kinaongea Selsiasi, kwa hiyo hapo katikati lazima mtu apige hesabu, na hesabu yenyewe ni fupi kabisa ila ina mtego mmoja unaonasa hata watu waliosoma.

Dada mmoja wa Ipuli alinipigia simu analalamika.

"Kaka, hii mashine nimeuziwa mbovu, feni inazunguka lakini balbu haiwaki hata kidogo."

"Umeseti ngapi dada?"

"Karatasi inasema 99.5, nikageuza, ikaja ishirini na tatu nukta tatu, nikaweka hiyohiyo."

Mashine haikuwa mbovu. Mchana Tabora chumba kinaweza kufika 28 bila moto wowote, sasa ukikiambia kidude kitunze 23.3 kitawasha balbu ya nini? Kinaona joto limeshapita tayari, kinatulia zake. Na mayai yalikuwa yameshapangwa ndani, trei nzima. Namba alizotumia zote zilikuwa sahihi, 32 ilikuwepo, 5 ilikuwepo, 9 ilikuwepo, kilichokosewa ni nani atangulie. Jibu la kweli ni 37.5.

Basi twende taratibu, na mfano wetu tangu mwanzo hadi mwisho uwe hiyohiyo 99.5 kwa sababu ndiyo namba utakayoikuta kwenye karatasi nyingi za mashine za mayai ya kuku zenye feni.

Fomula yenyewe hii hapa, kwenda na kurudi:

```
C = (F - 32) × 5/9
F = C × 9/5 + 32
```

Ukienda Selsiasi unatoa 32 kwanza halafu unazidisha kwa tano juu ya tisa. Ukirudi Farenhaiti unazidisha kwanza kwa tisa juu ya tano halafu unajumlisha 32. Kurudi ni kufungua ulichofunga, ulichofanya mwisho ndicho unaanza kukifungua, ndio maana mpangilio unageuka. Ila kukariri hivi tu hakusaidii, baada ya miezi miwili utakuwa umeshasahau nani anatangulia, kwa hiyo bora ujue hizo namba zimetoka wapi.

Chukua vitu viwili ambavyo vipimo vyote viwili vinavijua, barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka, na hapa nazungumzia kuchemka kule chini usawa wa bahari, ya Tabora nitayasema mbele. Kwenye Selsiasi barafu ni 0 na maji yanayochemka ni 100. Kwenye Farenhaiti barafu ni 32 na kuchemka ni 212. Kutoka barafu hadi kuchemka Selsiasi imepanda ngazi 100, Farenhaiti imepanda 212 kutoa 32, yaani 180. Joto ni lilelile, safari ni ileile, ila mmoja kaikata vipande 100 na mwingine kaikata vipande 180. Gawanya 180 kwa 100, rahisisha, unapata tisa juu ya tano. Kwa hiyo 9/5 haikukadiriwa na mtu, kila ngazi 5 za Selsiasi ni ngazi 9 za Farenhaiti, kamili, hakuna senti inayobaki.

Na 32 je? Hiyo ni kwa sababu mwenye kipimo, Daniel Gabriel Fahrenheit, aliyekitangaza mwaka 1724, hakuanzia kuhesabu kwenye barafu ya maji matupu. Sifuri yake aliiweka chini zaidi, kwenye baridi ya mchanganyiko wa barafu na chumvi, ndio maana ukifika kwenye barafu ya kawaida umeshapanda ngazi 32 tayari. Anders Celsius yeye alikuja na chake mwaka 1742, na cha kuchekesha ni kwamba mwanzoni alikiweka kichwa chini miguu juu, kuchemka ndio 0 na kuganda ndio 100, wakakigeuza baadaye.

Sasa hapo ndipo penye kiini. Hizo 32 ni ngazi za Farenhaiti. Sio za Selsiasi. Ni kipande cha chini cha ngazi ya Fahrenheit ambacho Celsius hana, na unataka kukikata kabla hujaanza kulinganisha ngazi na ngazi. Ukizidisha kwanza, umeshazigeuza ngazi zote kuwa za Selsiasi, pamoja na zile 32 zilizokuwa ndani, halafu unakuja kutoa 32 nyingine zenye ukubwa tofauti kabisa. Umetoa mzigo mkubwa kuliko uliokuwepo.

Wauza asali wa hapa kwetu hili wanalijua hata kama hawajawahi kuliita fomula. Umekuja na ndoo ya asali, unaiweka kwenye mzani inasoma kilo 26, ndoo tupu ni kilo 1, na tuseme mmeelewana shilingi 10,000 kwa kilo. Unatoa kilo ya ndoo kwanza, zinabaki 25, mara 10,000, mnunuzi anakupa 250,000. Sasa mtu azidishe kwanza, 26 mara 10,000 ni 260,000, halafu akumbuke ndoo, atoe 1. Inabaki 259,999! Ile moja ilikuwa kilo, yeye kaitoa kama shilingi. Kama ameshazidisha basi angetakiwa atoe ndoo kwa bei yake, yaani 10,000 nzima. Na 32 ni ndoo, inatolewa ikiwa bado kwenye kilo.

Tukilirudisha kwenye joto ni hivyohivyo. Ukiwa umeshazidisha kwa 5/9, zile 32 hazipo tena kama 32, zimekuwa 32 mara 5 gawanya 9, yaani 17.78 hivi. Kwa hiyo ukipenda sana kuzidisha kwanza unaweza, hakuna polisi, ila kitu cha kutoa ni 17.78 na sio 32. Jaribu: 99.5 mara 5 ni 497.5, gawanya kwa 9 ni 55.28, toa 17.78, unapata 37.5 safi. Siwashauri mfanye hivyo maana 17.78 imekatwakatwa, yenyewe ni 17.777 inaendelea bila mwisho, wakati 32 ni namba nzima isiyo na ubishi. Nimeionyesha tu ili muone kwamba mpangilio haukushushwa toka mbinguni, ni suala la 32 ziko upande gani.

Haya, hatua zenyewe kwa 99.5, chukua karatasi na kalamu.

Hatua ya kwanza, toa 32. 99.5 kutoa 32 ni 67.5. Hapo simama sekunde moja ujue umepata nini: joto lako liko ngazi 67.5 za Farenhaiti juu ya barafu. Bado ni Farenhaiti, ila sasa mnaanza kuhesabu kutoka sehemu moja.

Hatua ya pili, gawanya kwa 9. 67.5 gawanya 9 ni 7.5. Mimi napenda kuanza na kugawanya maana namba inakuwa ndogo na kichwa hakiumi, ila ukianza na mara 5 jibu ni lilelile, hapa kati ya kuzidisha na kugawanya mpangilio hauna neno kabisa.

Hatua ya tatu, mara 5. 7.5 mara 5 ni 37.5. Hiyo ndiyo unaseti.

Hatua ya nne ambayo wengi wanairuka, rudisha. 37.5 mara 9 ni 337.5, gawanya 5 ni 67.5, jumlisha 32 ni 99.5. Imerudi ilikotoka, basi umepatia. Isiporudi kuna mahali umeteleza, usiguse mashine kwanza.

Kuna njia ya kichwa ya kurudi Farenhaiti ambayo ni kamili, sio ya kukadiria, na naona watu wachache wanaijua. Zidisha Selsiasi mara mbili, halafu toa sehemu moja ya kumi ya hicho ulichopata, halafu jumlisha 32. 37.5 mara mbili ni 75, sehemu ya kumi ya 75 ni 7.5, 75 kutoa 7.5 ni 67.5, ongeza 32 ni 99.5. Inafanya kazi kwa sababu tisa juu ya tano ni 1.8, na 1.8 ni 2 ukiipunguza sehemu yake ya kumi. Kwenda Selsiasi nako kuna ya kwake, toa 32, gawanya nusu, halafu ongeza sehemu ya tisa ya hiyo nusu: 67.5, nusu yake 33.75, sehemu ya tisa ni 3.75, jumla 37.5.

Hapa niongelee ile ya mtaani, "toa 30 gawanya kwa 2". Ukiwa unaongea na ndugu yako aliyeko Amerika anakwambia leo kwao ni 86, hiyo inatosha, unapata 28 na ukweli ni 30, hakuna aliyekufa. Kwenye mayai usithubutu. 99.5 toa 30 ni 69.5, nusu yake 34.75. Umekosa karibu digrii 3 za Selsiasi, na kiinitete cha kuku ukikiweka chini kiasi hicho siku zote 21 wengi hawatafika, na watakaofika watatoka kwa kuchelewa na wamelegea. Watu wanasema mbegu mbaya, jogoo hafanyi kazi, kumbe 34.75.

Kosa jingine la namna hiyo ni kuikata 5/9 mapema. Mtu anaona 5 gawanya 9 ni 0.5555 inaenda tu, anaamua iwe 0.55. 67.5 mara 0.55 ni 37.1. Akiifanya 0.56 inakuja 37.8. Yote mawili sio 37.5, na kidude chako kinasoma hadi nukta moja ya kumi kwa hiyo hiyo tofauti inaonekana. Dawa ni kuacha 5 na 9 zikiwa nzima, au kama unataka tendo moja basi gawanya kwa 1.8, maana 1.8 ni 9/5 kamili haina mkia. 67.5 gawanya 1.8 ni 37.5.

Sasa utamtambuaje aliyepindua mpangilio, awe wewe au fundi wako? Hili ni tamu. Anayezidisha kwanza halafu akatoa 32 anakosa kwa kiasi kilekile kila mara, haijalishi joto ni ngapi, anakuwa chini kwa digrii 14.2 za Selsiasi. Inatoka hapohapo tulipopita, alitakiwa atoe 17.78, akatoa 32, tofauti 14.22. Yule dada, 37.5 kutoa 14.2 ni 23.3, ndiyo namba aliyonisomea kwenye simu. Na kwa upande wa kurudi, anayejumlisha 32 kwanza halafu akazidisha kwa 9/5 anazidi kwa 25.6 za Farenhaiti kila mara. 37.5 jumlisha 32 ni 69.5, mara 9 gawanya 5 ni 125.1 badala ya 99.5. Hilo ndilo la hatari zaidi kwa mwenye mashine inayosetiwa kwa Farenhaiti, mwenzake akikosea anapata mayai ya baridi, huyu anapata mayai ya kuchemsha.

Kipimo cha haraka ni kuitupia fomula yako namba 32. Njia sahihi inatoa 0 papohapo, kwa sababu 32 kutoa 32 hakuna kitu, na hakuna kitu ukikizidisha na chochote ni hakuna kitu. Njia iliyopinduka inatoa kasoro 14.2, na barafu inayoyeyuka haiwezi kuwa kasoro 14. Huna haja ya kukumbuka namba nyingine yoyote.

Kwenye simu kuna balaa lingine. Ukifungua kalkuleta ya simu ukaandika hivi bila mabano:

```
99.5 - 32 × 5 ÷ 9
```

inakuletea 81.7. Kalkuleta ya simu inafuata kanuni ya shule, kuzidisha na kugawanya kunatangulia kutoa, kwa hiyo imechukua 32 mara 5 gawanya 9 ikapata 17.78, halafu ikaitoa kwenye 99.5. Sasa chukua ile kalkuleta ndogo ya dukani yenye betri, ya kupigia hesabu za mauzo, bonyeza vitu hivyohivyo kwa mpangilio huohuo, nyingi zinaleta 37.5, maana hazisubiri, kila ukibonyeza alama zinamaliza kwanza kilichotangulia. Vifaa viwili, vibonyezo vilevile, majibu mawili, na watu wamebishana dukani kwa sababu hiyo. Kwenye simu weka mabano, au toa 32 ubonyeze alama ya sawasawa kwanza uone 67.5, ndio uendelee. Kwa mwenye Excel aliyeweka Farenhaiti kwenye seli A2, anaandika:

```
=(A2-32)*5/9
```

Mabano yasisahaulike, ukiyaacha Excel nayo itakupa 81.7 bila aibu.

Kabla sijaenda mbele niseme kwamba 99.5 ni ya mashine yenye feni. Isiyo na feni hewa ya moto inapanda juu na kukaa huko, joto linatofautiana juu na chini ya mayai, kwa hiyo maelekezo yake yanataka namba kubwa kidogo, 101 hadi 102 ikipimwa usawa wa mgongo wa yai. Fanya mwenyewe: 102 toa 32 ni 70, mara 5 ni 350, gawanya 9 ni 38.9. Na 101 inakuja 38.3. Usichukue 37.5 ya jirani mwenye feni ukaipeleka kwenye boksi lako lisilo na feni.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo mtu akishajua "toa 32 kwanza" ndio anaanza kukosea, kwa sababu anaitoa kila mahali. Kuna namba kwenye karatasi ambazo sio joto, ni tofauti ya joto, na hizo 32 haziguswi kabisa.

Angalia sentensi kama hii, karatasi nyingi zinayo: siku tatu za mwisho punguza joto kwa digrii 1 ya Farenhaiti. Digrii moja ya Farenhaiti ni ngapi kwa Selsiasi? Mtu anaingiza kwenye fomula, 1 kutoa 32 ni kasoro 31, mara 5 gawanya 9, kasoro 17.2. Apunguze kasoro 17? Haina kichwa wala miguu. Hapo unatumia 5/9 peke yake, 1 mara 5 gawanya 9 ni 0.56. Ukitaka kuhakikisha, pita njia ndefu: 99.5 punguza 1 ni 98.5, toa 32 ni 66.5, mara 5 ni 332.5, gawanya 9 ni 36.94. Na 37.5 kutoa 0.56 ni 36.94. Zimekutana. Sababu ni kwamba ukitoa joto moja kwenye lingine, 32 ya huyu na 32 ya yule zinafutana zenyewe, kama vile ndoo mbili zinazofanana, tofauti ya uzito wake ni asali tupu.

Hii inakuja moja kwa moja kwenye kile kidude cha kuseti joto ambacho mafundi wengi wanafunga, kibodi kidogo kinachoitwa W1209, chenye namba nyekundu na vitufe vitatu. Joto lenyewe unaliseti kwa kitufe cha SET, unaweka 37.5. Lakini ndani kwenye menyu kuna P1, hiyo ni nafasi ambayo joto linaruhusiwa kushuka kabla balbu haijawaka tena, na kikiwa kipya huwa kimewekwa 2.0. Mbili za Selsiasi mara 9 gawanya 5 ni 3.6 za Farenhaiti, bila 32. Maana yake umeseti 37.5 vizuri kabisa, lakini balbu inasubiri hadi 35.5 ndio iwake, na 35.5 ukiigeuza kama joto, hapa sasa 32 inarudi, mara 9 gawanya 5 ni 63.9, jumlisha 32 ni 95.9. Mayai yako yanapanda na kushuka kati ya 95.9 na 99.5 usiku kucha huku wewe unajua yako 99.5. Kama karatasi inakuruhusu nusu digrii ya Farenhaiti tu, nusu mara 5 gawanya 9 ni 0.28, basi P1 weka 0.3, au 0.2 ukitaka kubana zaidi.

Jiulize swali moja kabla ya kugusa 32: hii namba naweza kuiona kwenye kipimajoto? 99.5 unaweza kuiona, toa 32. "Punguza 1", "ruhusu nusu", "imezidi kwa 2", hizo hakuna kipimajoto kinachozisoma, ni umbali kati ya masomo mawili, acha 32 ikae.

La mwisho ni kipimo chenyewe, maana hesabu ikiwa safi na sensa inadanganya bado umepotea. Wengi wanajaribu kwa maji yanayochemka, wanategemea 212, na hapa kwetu hutaiona. Tabora iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye Selsiasi 96 hivi, ambayo ni kama 205 Farenhaiti. Kigoma pale ziwani ni chini zaidi, kama mita 770, wao wanapata 97 na kitu. Mtu anaona 205 anasema themomita mbovu anaitupa, kumbe ilikuwa inasema ukweli. Isitoshe kipimajoto cha kioo cha mashine ya mayai hakikutengenezwa kwa joto hilo, kinaweza kupasuka.

Tumia barafu. Ponda barafu nyingi kwenye kikombe, ongeza maji kidogo tu ya kujaza nafasi, koroga, subiri dakika chache, halafu ingiza ncha ya sensa katikati bila kugusa ukuta wa kikombe, endelea kukoroga taratibu. Mwinuko hausumbui hapa, iwe Tabora iwe Ujiji ni 0.0 kwa Selsiasi na 32 kwa Farenhaiti. Tuseme kibodi kinasoma 0.8 badala ya 0.0, kimezidi kwa 0.8, ingia kwenye menyu ileile hadi P4, sehemu ya kusahihisha usomaji wa sensa, uweke kasoro 0.8, rudisha sensa kwenye barafu uone imekaa sifuri. Na kama ni themomita ya Farenhaiti isiyo na menyu, inasoma 33.5 kwenye barafu, imezidi kwa 1.5, basi kila utakachosoma punguza 1.5 kwanza hapohapo kwenye Farenhaiti, halafu toa 32, halafu gawanya 9 mara 5. Ikiwa juu ya mayai inasoma 101, ukweli ni 99.5.

Barafu inaonyesha kosa la sifuri tu, sensa inaweza kuwa sawa kwenye barafu na ikateleza kidogo kwenye 37, kwa hiyo ukimaliza barafu chukua themomita ya homa ya dijitali, iweke pamoja na sensa kwenye maji ya uvuguvugu ya 37 au 38, uzisome zote mbili kwa wakati mmoja. Zikitofautiana pale, rekebisha P4 kwa kufuata ya homa, maana mayai yanakaa huko na sio kwenye barafu.